Anwani ya Nne: Ruta ya Zamani Inapogeuzwa Daraja la Televisheni

Ukiigeuza Xbox 360 ya toleo la kwanza, lile lililotoka mwaka 2005, utaona nyuma yake tundu la kebo ya mtandao, lakini waifai ndani hamna. Aliyetaka waifai alilazimika kununua kifaa cha pembeni, mpaka lilipokuja toleo jembamba la mwaka 2010 lenye waifai yake. Televisheni nyingi za kati ya mwaka 2010 na 2013 zilipita njia hiyohiyo: zina YouTube kwenye menyu, zina tundu la kebo, na kijitabu chake kinakutaka ununue kidude cha USB cha kampuni hiyohiyo ndipo zipate waifai. Leo kukipata kidude hicho ni kazi, na ukichomeka cha kampuni nyingine televisheni haikitambui.

Nyumba hizohizo huwa na ruta iliyostaafishwa, labda ya mtandao wa zamani kabla ya kuhamia faiba. Inalala kabatini na adapta yake. Redio yake bado inasikia na matundu yake manne ya kebo bado ni mazima. Wazo la kuiweka karibu na televisheni idake waifai ya nyumba na kuitoa kwa kebo linamjia kila mtu. Wengi wakijaribu hawafaulu, na sababu haielezwi vizuri. Ndiyo maana nataka tuanze na sababu kabla ya vitufe.

Kosa la kwanza ni dogo. Mtu huchomeka televisheni kwenye ruta ya zamani, huwasha umeme, kisha hungoja mtandao. Ruta ilivyotoka kiwandani imepangwa kugawa waifai. Kupokea ya mwenzake si kazi iliyopewa, hata kama redio yake inaiweza. Kinachoamua ni programu iliyo ndani yake, kwa hiyo jambo la kwanza ni kufungua menyu yake na kutafuta maneno kama `WDS`, `Bridge`, `Client` au `WISP`. Lisipokuwapo hata moja, ruta hiyo haitafanya kazi hii mpaka ibadilishwe programu yake.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Kila kifaa cha mtandao kina anwani yake ya MAC, tarakimu kumi na mbili zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Data ikipita kwenye kebo, kila bahasha huwa na anwani mbili: ya mtumaji na ya mpokeaji. Hewani mambo ni tofauti. Bahasha ya kawaida ya waifai ina anwani tatu, kwa sababu data hupitia mkononi mwa ruta kuu. Simu yako inapotuma, anwani moja ni ya ruta kuu, ya pili ni ya simu, ya tatu ni ya yule wa mwisho anayetumiwa. Anwani ya pili hapo inafanya kazi mbili kwa mpigo: ndiyo ya aliyerusha data hewani na ndiyo ya mwenye data. Kwa simu hakuna tatizo, maana huyo ni mmoja. Lakini televisheni ikiwa nyuma ya ruta ya zamani, mwenye data ni televisheni na mrushaji ni ruta. Ni wawili, na nafasi ni moja.

Aliyesoma shule ya bweni atalielewa hili haraka. Barua ya mwanafunzi iliandikwa jina lake, chini yake jina la mwalimu mkuu, kisha sanduku la posta la shule. Mtu wa posta hamjui mwanafunzi, anaijua shule, na barua inafika kwa sababu bahasha ina mistari ya kutosha kuwataja wote wawili. Bahasha ya kawaida ya waifai haina mstari wa "kwa kupitia kwa". Ruta kuu inakubali tu barua za wale waliojiandikisha kwake kwa nywila. Televisheni haikujiandikisha, ruta ya zamani ndiyo iliyojiandikisha. Data ikija kwa jina la televisheni, ruta kuu inaitupa.

Zipo njia tatu za kutoka hapo.

Njia ya kwanza ni kuongeza mstari uliokosekana. Kanuni za waifai zina bahasha ya anwani nne, na ruta zinazoitumia kuunganishana huiita kazi hiyo WDS. Hapo televisheni inatajwa kwa jina lake, ruta ya zamani kwa jina lake, na daraja linakuwa daraja kamili: ruta kuu inaiona televisheni kana kwamba kebo imefika kwake. Kasoro ni kwamba kanuni zilichora bahasha bila kueleza kwa ukamilifu ruta mbili zikubalianeje kuitumia. Kila kampuni ikajaza pengo kwa namna yake, na ruta za kampuni mbili tofauti mara nyingi hazielewani.

Njia ya pili ni tafsiri. Ruta ya zamani inafuta jina la televisheni kwenye bahasha, inaandika lake, na inaweka kumbukumbu ili jibu likirudi ijue ni la nani. Ruta kuu haihitaji kujua chochote. Programu ya DD-WRT huita hali yake `Client Bridge`, na OpenWrt ina kifurushi kiitwacho `relayd` kinachofanya kazi ya namna hiyo kwa anwani za IPv4 peke yake. Udhaifu wake unajitokeza pale televisheni inapoomba anwani ya IP. Ndani ya ombi lile imo anwani ya MAC ya televisheni, na ruta kuu inaweza kujibu moja kwa moja kwa jina hilo, jina la mtu asiyejiandikisha kwake. Jibu halifiki. Televisheni inangoja, inachoka, na inajipa anwani inayoanza na `169.254`. Ukiiona hiyo kwenye ukurasa wa mtandao wa televisheni, jua imeomba ikakosa jibu. Dawa yake ni kuiandikia televisheni anwani kwa mkono.

Njia ya tatu inaacha udaraja kabisa. Ruta ya zamani inaingia kwenye waifai ya nyumba kama simu yoyote, halafu inaanzisha mtandao wake mdogo nyuma yake, wenye anwani zake. Kwenye menyu nyingi huitwa `WISP`. Kwa kawaida ruta kuu haiikatai, kwa sababu kwake ni mteja wa kawaida mwenye nywila sahihi. Gharama yake ni kwamba televisheni sasa imo katika mtandao mwingine, na simu iliyo sebuleni haiioni.

Mfano ninaoujua kwa karibu ni wa nyumbani kwa dada yangu. Kisanduku cha faiba kipo chumbani, televisheni ya mwaka 2012 ipo sebuleni, na kati yao kuna kuta mbili za tofali. Mpwa wangu ana Xbox 360 ya zamani aliyorithi kwa binamu yake. Kabatini kulikuwa na TP-Link TL-WR841N ya toleo la zamani, lile lenye menyu ya rangi ya kijani. Ruta hii ni ya kawaida sana Afrika Mashariki, na menyu yake ina WDS bila kubadilisha programu yoyote. "Mjomba, hii si tuliitupa?" mpwa aliuliza nilipoipangusa vumbi. Haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa imeachwa tu faiba ilipoingia.

Tulianza kwa kuifuta kumbukumbu zake: pini kwenye kitundu cha `Reset`, sekunde kumi, taa zikawaka upya. Kompyuta ikaunganishwa kwa kebo kwenye tundu la njano. La buluu ni la `WAN`, na katika kazi ya daraja halitumiki hata kidogo. Televisheni ikichomekwa humo haipati kitu, na hili ni kosa linalowapotezea watu jioni nzima.

Hatua iliyofuata ni ile ambayo mtu huiruka kwa haraka: kubadilisha anwani ya ruta yenyewe, kwenye `Network`, kisha `LAN`. Kisanduku cha faiba kilikuwa `192.168.1.1` na kiligawa anwani kuanzia `192.168.1.100`. Ruta ya zamani tukaipa `192.168.1.2`, namba iliyo ndani ya mtandao uleule lakini nje ya zile zinazogawiwa. Ruta mbili zikiwa na anwani moja katika mtandao mmoja, dalili yake inatisha: mara tu daraja linaposhika, nyumba nzima inaanza kupoteza intaneti kwa vipindi, hata simu ambazo hazikuguswa. Ukiliona hilo, chomoa ruta ya zamani kwanza, halafu rekebisha namba.

Baada ya ruta kujiwasha upya tulirudi kwenye `Wireless Settings` na kuweka tiki kwenye `Enable WDS Bridging`. Kitufe cha `Survey` kinaorodhesha waifai zote zinazosikika. Tuliichagua ya nyumbani kwa `Connect`, tukaandika nywila, na tukahakikisha chaneli ni ileile ya ruta kuu. Hili la chaneli si la hiari. Redio ni moja, inasikiliza chaneli moja kwa wakati mmoja, na ruta mbili zikiwa kwenye chaneli tofauti hazisikilizani. Mwisho tukazima `DHCP` ya ruta ya zamani ili ugawaji wa anwani ubaki kwa mmoja. Ukiisahau hiyo, televisheni inaweza kupewa anwani na ruta ya zamani na kuambiwa kwamba mlango wa kutokea ni `192.168.1.2`, ambako hakuna intaneti. Itasema imeunganishwa, na YouTube haitafunguka.

Kwenye ukurasa wa `Status`, mstari wa WDS ulibadilika ukasomeka `Run`. Televisheni ikachomekwa, na kwenye mipangilio yake ikaonyesha anwani `192.168.1.104`, mlango `192.168.1.1`. Namba hizo mbili ndizo kipimo changu cha kwanza kila mara. Mlango ukiwa wa ruta kuu, daraja limesimama.

Kuna jambo moja la usalama hapo ambalo nalisisitiza. Ruta inapokuwa kwenye WDS, redio yake bado inatangaza waifai yake yenyewe, na katika matoleo ya zamani waifai hiyo baada ya kufutwa kumbukumbu huwa haina nywila. Maana yake umefungua mlango wa pembeni kuingia mtandao wa nyumba nzima, na jirani yeyote anaweza kupita. Ingia `Wireless Security` uweke WPA2 na nywila ndefu kabla hujaondoka, na ubadilishe pia ile `admin` ya menyu. Na usiruhusu simu kutumia waifai hiyo. Simu ikijiunga, kila bahasha inalazimika kupita hewani mara mbili, kati ya simu na ruta ya zamani na kati ya ruta ya zamani na ruta kuu, na kasi inapungua karibu nusu. Ruta ikihudumia kebo tu, bahasha inapita hewani mara moja.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri kwa nusu. Ruta tuliificha nyuma ya televisheni, na video za ubora wa juu zikawa zinakwama, kiduara kinazunguka. Watu wengi hufika hapa wakahitimisha kwamba ruta ni mbovu. Tulipima kwa kompyuta iliyochomekwa mahali pa televisheni:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Majibu yalikuwa yakirudi kwa milisekunde 4, kisha ghafla 180, kisha moja linapotea. Huu ni umbali wa kutoka sebuleni hadi chumbani tu, intaneti ya nje haijaguswa, kwa hiyo kosa lilikuwa hewani. Bamba la chuma la nyuma ya televisheni lilikuwa limesimama kati ya antena na chumba. Tulinunua kebo ya mita nane, ruta ikapanda juu ya rafu karibu na mlango, na majibu yakatulia chini ya milisekunde 6.

Hapa ndipo ruta ya zamani inapokizidi kidude cha USB. Kidude kinakaa pale ilipo televisheni, liwe shimo la mawimbi au la. Ruta inakwenda mawimbi yalipo, na kebo inamaliza safari. Kebo ya kawaida ya mtandao inaruhusiwa kufika mita 100, kwa hiyo hakuna sebule itakayokushinda.

Kuhusu kasi, usitegemee 300 iliyoandikwa kwenye boksi. Matundu ya TL-WR841N ni ya megabiti 100 kwa sekunde, na redio yake ni ya gigahezi 2.4 pekee, mkanda ambao majirani wote wanaugombania. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa picha ya 1080p. Daraja lililowekwa mahali pazuri linapita hapo kwa urahisi, na televisheni nyingi za enzi hizo hazina picha ya juu zaidi ya hiyo. Kwa televisheni ya 4K ningetafuta ruta yenye gigahezi 5.

Wiki ya pili umeme ulikatika usiku. Asubuhi dada akapiga simu: simu zote zina mtandao, televisheni haina. Kisanduku cha faiba kilikuwa kimeachwa kichague chaneli chenyewe, na kilipowaka upya kilihama kutoka 6 kwenda 11. Daraja lilibaki likisikiliza chaneli 6 iliyokuwa tupu. Tulikifungia chaneli 6 kwenye menyu yake, na tangu hapo umeme unakatika na kurudi bila matata. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hatua hii ni sehemu ya ufungaji wenyewe.

Yapo mengine mawili yanayoweza kulizuia daraja lisishike kabisa. La kwanza ni usalama wa waifai: ruta kuu mpya ikiwekwa kwenye WPA3 pekee, ruta ya zamani inayojua WPA2 haitaingia hata nywila iwe sahihi. Iweke ruta kuu kwenye hali inayokubali zote mbili. La pili ni nchi iliyotengenezewa ruta: zilizopangwa kwa soko la Marekani kwa kawaida hazitumii chaneli ya 12 wala 13, kwa hiyo waifai iliyo kwenye chaneli hizo haitatokea kwenye orodha ya `Survey`.

Kwa aliye na OpenWrt kwenye ruta zote mbili, daraja la anwani nne ni jepesi na halina ubahatishaji wa kampuni. Kwa mipangilio ya kawaida ya redio ya kwanza, upande wa ruta kuu unaongeza mstari huu:

```
uci set wireless.default_radio0.wds='1'
uci commit wireless
wifi reload
```

Upande wa ruta ya zamani mstari huohuo wa `wds` unawekwa pamoja na `mode='sta'`, jina la waifai, aina ya usalama na nywila, na redio inaachwa ndani ya mtandao wa `lan` pamoja na matundu ya kebo. Kuhusu anwani na `DHCP`, sheria ni zilezile za TP-Link hapo juu. Ila kabla ya kupanga safari hiyo, soma toleo la ruta kwenye kibandiko: ruta zenye megabaiti 4 tu za hifadhi na 32 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, zikiwamo TL-WR841N nyingi za zamani, haziungwi mkono tena na matoleo mapya ya OpenWrt.

Inabaki kuamua njia gani kwa kifaa gani, na hapa wengi huumiza vichwa bure kwa kung'ang'ania daraja kamili. Televisheni inayofungua YouTube na Netflix kwa rimoti yake haijali kuwa nyuma ya mtandao mdogo wa `WISP`. Inaanzisha mazungumzo yenyewe kwenda nje, na majibu yanarudi. Kinachopotea ni kurusha video kutoka kwenye simu, kwa sababu simu hutafuta televisheni kwa kupaza sauti ndani ya mtandao wake tu, na sauti hiyo haivuki ruta. YouTube ina njia ya pembeni ya kuunganisha kwa namba ya televisheni, `Link with TV code`, ambayo hupitia intaneti. Ukiichagua `WISP`, hakikisha mtandao mdogo una namba tofauti na ule mkubwa: kisanduku kikiwa `192.168.1.1`, ruta ya zamani ibaki `192.168.0.1`. Ni kinyume cha daraja, ambako ruta zote mbili lazima ziwe ndani ya mtandao uleule.

Mashine ya gemu ni habari nyingine. Xbox 360 ikipimwa mtandao hueleza hali ya NAT kuwa `Open`, `Moderate` au `Strict`, na `WISP` inaongeza NAT ya pili juu ya ile ya ruta kuu, hali inayoweza kuizuia isipokee wachezaji wengine. Ndiyo maana kwa mpwa wangu tulikwenda kwenye WDS. Duka la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024, lakini gemu ambazo seva zake bado zipo zinachezeka mtandaoni, na hizo ndizo alizozitaka. Lakini kama intaneti ya nyumba inatoka kwenye modemu ya laini ya simu, kuna uwezekano mkubwa kampuni ya simu nayo inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hapo `Strict` itabaki hata daraja likiwa kamilifu, na hakuna kitufe ndani ya nyumba kitakachoiondoa. Pima kwanza kwa kuchomeka mashine kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta kuu. Ikisoma `Strict` hapo, daraja halina hatia.

Na kama ruta kuu si yako, mfano katika hosteli au nyumba ya kupanga ambako mwenye nyumba anakupa nywila tu, usianze na WDS. Huwezi kuifungia chaneli wala kujua imepangwaje. Tumia `WISP`, itafanya kazi siku hiyohiyo. WDS ichukue pale ruta zote mbili ziko mkononi mwako na unahitaji simu na televisheni, au mashine ya gemu na wachezaji wenzake, waonane. Tafsiri ya `Client Bridge` iache iwe ya mwisho, na ukiitumia, iandikie televisheni anwani yake kwa mkono tangu mwanzo.